Akaunti ya Mkurugenzi: milioni 180 ni deni au ni mtaji?

*Mshauri, shikamoo. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya vifungashio hapa Vingunguti. Mkurugenzi wetu ana asilimia 80 ya hisa, mdogo wake ana 20. Kwenye leja nina "Akaunti ya Mkurugenzi" yenye shilingi milioni 180. Kati ya hizo, milioni 110 ziliingia tarehe 2 Januari 2025 tukanunua mashine, na kuna karatasi iliyosainiwa kwamba zitarudishwa tarehe 2 Januari 2028 bila riba. Milioni 40 alizitoa vipande vipande mwaka mzima: mishahara, ushuru bandarini, luku, hakuna karatasi. Milioni 30 za Novemba bodi iliandika ni za kununulia hisa 30,000, ila BRELA hatujapeleka kitu. Tunafunga hesabu za 31 Desemba 2025. Benki imegoma kutukopesha kwa sababu mtaji unaonekana hasi ya milioni 15. Mzee anasema zote ziwe mtaji kwa kuwa hana mpango wa kuzidai. Mkaguzi anasema zote ni deni. Nimsikilize nani?*

*Mhasibu, Vingunguti*

Marahaba, ndugu mhasibu. Mzee na mkaguzi wamekosea mahali pamoja. Kila mmoja anaitazama akaunti ile kama kitu kimoja kwa sababu jina lake ni moja. Ndani yake kuna ahadi tatu tofauti, na kila ahadi inajibiwa peke yake.

Kabla ya kuzigusa, shika swali hili, maana ndilo kiini cha kiwango cha uhasibu cha IAS 32, na hata kile kiwango cha kampuni ndogo na za kati kinauliza hilohilo. Je, kampuni inaweza kukataa kulipa fedha hizi leo, mwakani na miaka yote, mpaka siku itakapofungwa, bila kuvunja ahadi yoyote? Kama inaweza, ni mtaji. Kama kuna siku, au kuna tukio lisilo mikononi mwa kampuni, ambapo mwenye fedha atasema "nipe changu" na kampuni haina pa kukwepea, ni deni.

Angalia swali linamhusu nani. Linahusu haki ya kampuni, wala halihusu nia ya Mzee. Hapa ndipo hoja yake inapoanguka, ingawa anaisema kwa moyo mweupe. Kutokuwa na mpango wa kudai si sawa na kutokuwa na haki ya kudai. Mzee akifariki kesho, msimamizi wa mirathi ataikuta haki hiyo ikiwa hai na ana wajibu wa kuifuatilia. Wakigombana na mdogo wake, nia nayo itageuka. Mizania inaandika kinachodaiwa tarehe 31 Desemba kwa mujibu wa makubaliano, si kinachotarajiwa kutokana na wema wa mtu.

Nianze na milioni 40, kwa kuwa ndizo zinazowachanganya watu wengi. Wahasibu kadhaa hudhani kwamba pasipo karatasi hakuna mkataba, na pasipo mkataba hakuna deni. Si hivyo. Mkataba wa mdomo ni mkataba katika sheria zetu, na IAS 32 yenyewe inasema mkataba si lazima uandikwe. Mzee alilipa mishahara na ushuru kwa niaba ya kampuni, na wewe ukaikrediti akaunti yake kila mara. Kumbukumbu hiyo ni ushahidi wa kampuni yenyewe kwamba inadaiwa. Kwa kuwa hamkutaja siku ya kurudisha, siku ni pale atakapodai. Kwa hiyo milioni 40 zote ni deni la muda mfupi kwa thamani yake kamili. Usizipunguze kwa riba yoyote ya kukadiria, kwa sababu kitu kinachoweza kudaiwa leo thamani yake haishuki chini ya kiasi kinachodaiwa leo.

Kabla hujamaliza hapo, soma mihtasari yote ya bodi ya mwaka mzima ukitafuta sentensi moja inayopenda kujificha: "mkurugenzi atarejeshewa kampuni itakapopata faida." Sentensi hii husomwa kana kwamba inaifanya kampuni iwe huru. Kumbe faida ya kesho haimo mikononi mwa kampuni wala mwa Mzee. Ikipatikana, wajibu wa kulipa unakuja wenyewe, na kiwango kinaitaja hali hiyo waziwazi kuwa deni. Linganisha na "atarejeshewa kampuni itakapoamua, na kampuni haina wajibu wa kuamua hivyo." Hapo kampuni inaweza kutoamua milele, na fedha hizo zinaweza kukaa kwenye mtaji. Neno "itakapopata" na neno "itakapoamua" yanatenganisha pande mbili za mizania. Lakini ukilikuta hilo la pili, hakikisha anayeamua ni kampuni kupitia vikao vyake, na si Mzee kwa nafasi yake ya mkopeshaji.

Sasa milioni 110 za mashine. Zina tarehe, kwa hiyo ni deni, na hapo mkaguzi yuko sahihi. Alichoacha ni kwamba deni hilo leo si la milioni 110. Mtu aliyekukopesha miaka mitatu bila riba amekupa vitu viwili ndani ya bahasha moja: mkopo, na zawadi ya riba asiyokutoza. Kwa kuwa anayetoa ni mwenye hisa na anatoa kwa nafasi hiyo, zawadi ile inaingia kwenye mtaji kama mchango wake. Angekuwa mkurugenzi wa kuajiriwa asiye na hisa hata moja, mlango huu usingekuwepo.

Ili kuitenga zawadi unahitaji riba ambayo kampuni yenu ingetozwa na mkopeshaji wa nje kwa kiasi kilekile, muda uleule na dhamana ileile. Nitafanya hesabu kwa asilimia 16 ili uione njia. Wewe tumia barua za benki zilizowajibu mwanzoni mwa 2025, na kama mkopo wa benki una hati ya nyumba nyuma yake ilhali wa Mzee hauna dhamana, riba yako inapaswa kuwa juu kidogo ya hiyo. Andika sababu za kiwango ulichochagua kwenye karatasi ya kazi, maana mkaguzi atakiuliza kabla ya kitu kingine chochote.

```
110,000,000 / (1.16 ^ 3) = 70,472,344
```

Hiyo ndiyo thamani ya deni siku fedha zilipoingia. Zinazobaki, 39,527,656, ni mchango wa mwenye hisa. Ingizo la kuzihamisha toka akaunti yenu ya mchanganyiko ni hili:

```
Dr Akaunti ya Mkurugenzi            110,000,000
   Cr Mkopo wa Mkurugenzi (2028)     70,472,344
   Cr Mchango wa Mwenye Hisa         39,527,656
```

Deni halibaki hapo. Kila mwaka linakua kwa asilimia 16 na ukuaji huo ni gharama ya riba kwenye faida na hasara. Kwa 2025 ni 11,275,575, na deni linafika 81,747,919. Mwaka 2026 inaongezeka 13,079,667, mwaka 2027 inaongezeka 15,172,414, na mwisho unakutana na milioni 110 kamili, tayari kulipwa tarehe 2 Januari 2028. Ukiona mwisho haukutani, umekosea mahali. Mara nyingi ni kwa sababu riba imepigwa juu ya milioni 110 badala ya salio la mwanzo wa mwaka.

Riba hii ni ya vitabuni tu. Hakuna aliyelipwa, kwa hiyo hakuna kodi ya zuio ya asilimia 10 ya kupeleka TRA, na unapotengeneza hesabu ya kodi ya mapato irudishe, usiidai kama gharama. Pia mweleze Mzee mapema kwamba mchango huu haumpi hisa mpya. Ni mali ya kampuni nzima, na mdogo wake ananufaika nao kwa sehemu yake ya asilimia 20.

Kwenye mizania ya 31 Desemba 2025 mkopo huu unakaa kwenye madeni ya muda mrefu, kwa sababu siku ya kulipa iko mbali zaidi ya miezi 12. Ila isome ile karatasi mstari kwa mstari. Kama mahali fulani imeandikwa "au pale mkurugenzi atakapohitaji," tarehe ya 2028 haina nguvu. Mkopo wote unakuwa wa kudaiwa wakati wowote, unarudi kwenye muda mfupi kwa milioni 110 kamili, na hesabu yote niliyofanya hapo juu inafutika pamoja na mchango wa mtaji. Maneno manne tu yanabadilisha karibu milioni 40.

Zimebaki milioni 30 za hisa. Hapa Mzee ndiye mwenye nafasi nzuri, na kutofika BRELA peke yake hakumnyimi. Kinachoamua ni kilichokubaliwa Novemba. Idadi imefungwa, hisa 30,000, na bei imefungwa, shilingi 1,000 kwa hisa. Hiyo ni dalili ya mtaji. Ingeandikwa "hisa zenye thamani ya milioni 30 kwa bei itakayopangwa," kampuni ingekuwa inatumia hisa kama sarafu ya kulipia deni, na fedha zingebaki kwenye madeni. Halafu tafuta kama kuna kipengele cha kurudisha: "hisa zisipogawiwa ndani ya miezi kadhaa, fedha zirejeshwe." Kikiwepo, ni deni hadi siku ya kugawa.

Jambo la tatu liko kwenye katiba ya kampuni. Angalia mtaji ulioidhinishwa unafika wapi. Kama kampuni imesajiliwa na uwezo wa hisa za shilingi milioni 100, nafasi ipo. Kama uwezo ni milioni 20 na zote zilishagawiwa, bodi iliahidi kitu isichokuwa nacho, na mkaguzi ana haki ya kuziacha kwenye madeni hadi mkutano mkuu uongeze uwezo huo. Hakikisha pia kwamba ruhusa ya bodi kugawa hisa inatoka kwenye katiba au kwa wanahisa wenyewe. Yote yakiwa sawa, ziandike upande wa mtaji kwenye mstari wake, "Fedha za hisa zinazosubiri kugawiwa," usizichanganye na mtaji wa hisa uliokwisha kugawiwa. Kisha peleka taarifa ya mgao BRELA bila kuchelewa zaidi.

Mdogo mtu lazima ajue kinachotokea. Kama mtaji wa hisa wa sasa ni milioni 20, yaani hisa 20,000 za shilingi 1,000, yeye ana hisa 4,000. Baada ya mgao jumla inakuwa 50,000 na sehemu yake inashuka toka asilimia 20 hadi 8. Gawio la milioni 50, ambalo jana lingempa milioni 10, litampa milioni 4. Mwonyesheni hesabu hiyo na mpeni nafasi ya kununua kulingana na sehemu yake kabla ya kusaini, na jibu lake liwe kwa maandishi. Mgao uliofanyika kimya unaweza kupingwa, na ukipingwa na mtaji nao unatikisika.

Tuone sasa mizania inasemaje. Kwa kuchukulia kwamba mashine na mali nyingine ni milioni 310 na wadai wa nje ni milioni 145, ile hasi ya 15 inapatikana kwa kutoa milioni 180 zote. Ukipanga nilivyoeleza, hasi ya milioni 15 inaongezewa 30,000,000 za hisa na 39,527,656 za mchango, inatolewa 11,275,575 za riba ya mwaka, na mtaji unatoka chanya: 43,252,081. Si ile milioni 165 aliyoitaka Mzee, lakini ni namba ambayo mkaguzi anaweza kuitia saini.

Kuhusu benki, mnapigania namba kwenye uwanja usio wake. Afisa mikopo ana jedwali lake, na ndani ya jedwali hilo benki nyingi hukubali kuhesabu mkopo wa mwenye hisa pamoja na mtaji, endapo mwenye hisa atasaini barua ya kujiweka nyuma: kwamba hatalipwa hata senti kabla mkopo wa benki haujaisha. Ukijumlisha 43,252,081 na deni la 2028 la 81,747,919 na zile milioni 40, unapata milioni 165 kamili. Ni namba ya Mzee, na imepatikana bila kugusa hesabu zilizokaguliwa. Mwambie aende benki na barua, asije kwako na shinikizo.

Barua hiyo haigeuzi deni kuwa mtaji, hata wakili akiiandika kwa ufasaha gani. Kujiweka nyuma ya foleni bado ni kuwa kwenye foleni. Inachoweza kubadilisha ni muda: barua inayosema milioni 40 hazidaiwi kwa zaidi ya miezi 12 toka tarehe ya mizania huzihamisha kwenda muda mrefu, mradi ilisainiwa na kuanza kufanya kazi tarehe 31 Desemba au kabla. Na fedha zisizodaiwa kwa muda maalumu bila riba zinaanza nazo kuhitaji hesabu ya thamani ya leo.

Ikisainiwa sasa, mwaka ukiwa umeshapita, milioni 40 zinabaki muda mfupi kwenye hesabu za 2025, na barua inaelezwa kwenye maelezo ya hesabu kama tukio la baada ya mwaka. Vivyo hivyo mkiamua leo kuzigeuza kuwa hisa. Huo ni mtaji wa 2026. Nakusihi usikubali mtu akuletee muhtasari wa bodi wenye tarehe ya Desemba uliochapwa wiki hii. Mfumo wa BRELA unaweka tarehe yake, faili la kompyuta lina tarehe yake, na mkaguzi atamwandikia Mzee barua ya kuthibitisha salio ambayo majibu yake yatapaswa kukubaliana na karatasi zote. Atakayepoteza cheti cha NBAA kwa muhtasari huo ni wewe.

Kwa milioni 40 njia ya kweli ya mwaka huu ni mbili. Ya hisa nimeshaieleza. Nyingine ni Mzee kuzisamehe kwa hati rasmi, nazo zikaingia kwenye mtaji kama mchango wake. Mimi napendelea hisa, kwa sababu TRA huweza kulitazama deni lililosamehewa kama pato la kampuni, na utajikuta ukitetea kodi ya fedha ambazo hazikuingia.

Lolote mtakaloamua, ifunge "Akaunti ya Mkurugenzi" kama ilivyo. Fungua tatu: mkopo wa 2028, fedha za hisa, na akaunti ya kutembea ambamo Mzee analipa na kulipwa. Fedha za kwenye akaunti ya kutembea ziwe na risiti na saini yake kila mwezi. Salio la zote na masharti yake liandikwe kwenye maelezo ya hesabu chini ya wahusika wenye uhusiano na kampuni, maana IAS 24 inataka hivyo hata pale ambapo riba ni sifuri.

Kisha fungua taarifa ya benki ya Januari na Februari 2026 uone kama Mzee ametoa chochote. Akiwa amechukua milioni 6 kulipia ada za watoto, hizo zipunguze ile akaunti ya kutembea, na zina mahali halali pa kutokea kwa kuwa kule ni deni. Mngekuwa mmeziita zote mtaji kama alivyotaka, kutoa hizo milioni 6 kungekuwa kurudisha mtaji bila utaratibu, na afisa wa TRA angeuliza kama ni gawio lisilokatwa kodi ya zuio au ni mshahara usiopitia kwenye orodha ya malipo. Mwonyeshe mstari huo kwenye taarifa ya benki kabla hamjaanza kubishana tena.